Maombi ya wiki iliyopita yameshuka hadi 12, bosi anataka nikate bajeti leo mchana. Yameshuka kweli au hayajafika?

KijanaWaMeru
Jumatatu, saa 3:20 asubuhi

Wakuu habari za asubuhi. Niko Arusha, nasimamia matangazo ya Google ya kampuni ndogo ya utalii. Tunauza safari za Serengeti na Ngorongoro na kupanda Kilimanjaro, wateja wengi wako Ujerumani na Marekani. Tunatumia dola 60 kwa siku, yaani 420 kwa wiki, na hatujaigusa bajeti toka mwaka uanze. Konvesheni tunayohesabu ni mtu kujaza fomu ya kuomba bei.

Asubuhi hii nimefungua ripoti ya wiki nne, kila wiki Jumatatu hadi Jumapili. Ya kwanza maombi 20, inayofuata 18, halafu 16, na iliyoisha jana 12. Ombi moja limetoka dola 21 limefika dola 35. Wiki mbili nyuma tulibadilisha maneno ya matangazo, kwa hiyo bosi ameshapata mchawi wake. Ametaka hadi mchana niwe nimerudisha maneno ya zamani na kukata bajeti nusu.

Kinachonichanganya ni kwamba kliki hazijapungua, ziko 350 kwa wiki kama kawaida. Na nakumbuka mwezi wa tatu nilishtuka hivihivi Jumatatu asubuhi, nikakaa kimya, baadaye sikuona tena tatizo. Nikate au nisikate?

Mjukuu_wa_Fundi
Jumatatu, saa 3:41 asubuhi

Mkuu angalia kadi ya benki kwanza. Mimi malipo yalichelewa, Google wakasimamisha matangazo siku tatu bila hata simu. Ukilipia tu yanarudi.

KijanaWaMeru
Jumatatu, saa 3:44 asubuhi

Matangazo yanaonekana na hela inakatwa kila siku mkuu. Ningekuwa nimesimamishwa hata kliki zisingekuwepo.

Mjukuu_wa_Fundi
Jumatatu, saa 3:45 asubuhi

Basi mtandao wenu uko taratibu, ukurasa haufunguki.

MamaKliki
Jumatatu, saa 4:10 asubuhi

Kijana, usikate kitu kabla hujasoma hapa.

Tazama hiyo 20, 18, 16, 12 kwa makini. Inashuka ngazi kwa ngazi, na ngazi ya mwisho ndiyo ndefu. Akaunti ya bidhaa ambayo mteja anafikiria siku nyingi kabla ya kuamua itakuonyesha ngazi hiyo kila Jumatatu utakayoifungua, biashara iwe nzuri au mbaya. Ndiyo maana mwezi wa tatu ulishtuka, na ndiyo maana ukirudi kuitazama wiki ileile baadaye huoni kitu.

Sababu iko kwenye namna safu ya `Conversions` inavyoandika tarehe. Mjerumani amebofya tangazo lako Jumatano tarehe 3. Amesoma, amefunga, ameongea na mkewe, amelinganisha na kampuni nyingine nne. Jumapili tarehe 14 amerudi mwenyewe akajaza fomu. Wewe umepokea barua pepe tarehe 14, lakini Google anairudisha nyuma na kuiandika tarehe 3, siku ya kliki, kwa sababu hela ya kumpata ilitoka tarehe 3. Maana yake tarehe 3 ilipokuwa na siku mbili tu ilionekana haina kitu, na ilikuja kujaa polepole. Hela ya siku hiyo iliandikwa yote palepale. Gharama haichelewi, maombi ndiyo yanachelewa, kwa hiyo bei ya ombi moja kwa siku za karibuni lazima ionekane kubwa kuliko ilivyo.

Unachofanya hapo ni kumlinganisha mtoto wa wiki moja na wa mwezi mzima, halafu unauliza kwa nini mdogo hakai.

Kabla sijasema ni 12 nzuri au mbaya nahitaji kitu kimoja kutoka kwako. Kwenye kampeni fungua `Segment`, kisha `Conversions`, kisha `Days to conversion`. Niambie kati ya maombi yako ni mangapi yanaingia ndani ya siku moja baada ya kliki, na mangapi yanafika siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 21.

NyotaYaPwani
Jumatatu, saa 4:32 asubuhi

Dada yuko sawa lakini hakuna haja ya kuzunguka hivyo. Ongeza safu ya `Conversions (by conv. time)` basi. Hiyo inaandika ombi siku lilipoingia, haibadiliki tena baadaye, na inalingana na barua pepe mlizopokea. Huku Mombasa ndiyo ninayoonyesha wenye hoteli, nimeacha kugombana nao. Ukiiangalia hiyo utajua mara moja kama kuna kushuka.

KijanaWaMeru
Jumatatu, saa 4:50 asubuhi

Asanteni sana. Nimefanya zote mbili.

Hiyo safu ya Nyota inaonyesha wiki nne ni 19, 21, 20, 20. Kwa hiyo hatujashuka kabisa!

Dada, siku 28 zilizopita nina maombi 66, na 36 yaliingia ndani ya siku moja. Karibu asilimia 55. Kwa hiyo nusu na zaidi ni wa palepale, mbona sioni ucheleweshaji mkubwa hivyo?

MamaKliki
Jumatatu, saa 5:15 asubuhi

Hapo umeingia kwenye shimo ambalo hata mimi niliingia, na nilikaa humo miezi.

Umechukua siku 28 zilizopita. Mtu aliyebofya juzi anaweza kuonekana kwenye hesabu yako kwa njia moja tu: awe amejaza fomu haraka. Yule aliyebofya juzi na atakayejaza baada ya siku 12 hayumo, kwa sababu bado hajajaza. Umewahoji waliowahi peke yao, kisha unashangaa wote wanasema waliwahi. Ukipima ucheleweshaji kwa kliki za karibuni utaonekana mfupi kuliko ulivyo, na ukiutumia kujisahihisha utajisahihisha pungufu.

Chukua kliki za zamani zilizokwisha iva. Muda wenu wa kuhesabu ombi baada ya kliki bila shaka ni siku 30, ndio unaokuja wenyewe kama hamkuubadilisha. Basi chagua tarehe ambazo hata kliki ya mwisho ina zaidi ya siku 30. Sasa ni katikati ya Mei, weka 1 Januari hadi 31 Machi.

Nyota nitamjibu baadaye, ana nusu ya haki.

DukaLaMitandio
Jumatatu, saa 5:30 asubuhi

Jamani mnatisha watu. Mimi nauza mitandio na madera kwa Facebook, Dar, mteja analipa akipokea mzigo. Anayenunua ananunua usiku uleule alioona tangazo, akilala kesho ameshasahau kama alitaka dera. Facebook pia anaandika oda kwenye siku mtu alipoona au kubofya, nimeweka siku 7 za kliki na 1 ya kuona, lakini siku ya pili hesabu yangu haisogei. Nikisubiri mwezi mzima kuhukumu tangazo la Idi, Idi itakuwa imepita na mzigo uko ndani.

MamaKliki
Jumatatu, saa 5:38 asubuhi

Uko sahihi kabisa mwenye mitandio, kwako subira ya siku mbili inatosha. Sisemi kila mtu asubiri mwezi. Kila bidhaa ina mwendo wake na unausoma kwenye akaunti yako, haukopwi kwa jirani. Dera la elfu 25 na safari ya dola 3,000 kwa kichwa haviamuliwi usiku mmoja.

KijanaWaMeru
Jumatatu, saa 6:05 mchana

Bosi yuko kwenye kikao cha nje, nimepata muda kidogo.

Januari hadi Machi: maombi 260. Ndani ya siku moja 117. Ukihesabu hadi siku ya 3 yamefika 156. Siku ya 7, 195. Siku ya 14, 229. Siku ya 21, 247. Yaliyobaki yanadondoka hadi siku ya 30.

Kwa hiyo wa palepale ni asilimia 45, si 55. Na robo nzima ya maombi yetu yanakuja baada ya wiki kupita. Sikuwahi kujua.

MamaKliki
Jumatatu, saa 6:40 mchana

Vizuri sana, sasa tuna cha kushika mkononi.

Asilimia zako ni 45 palepale, 60 siku ya 3, 75 siku ya 7, 88 siku ya 14, 95 siku ya 21. Wiki iliyoisha jana ina kliki za umri tofauti. Za Jumatatu iliyopita zina siku 7, kwa hiyo zimeshaleta 75 katika kila 100 zitakazoleta. Za jana Jumapili zina siku moja, zimeleta kama 50. Za katikati zinapanda hapo katikati: 55, 60, 64, 68, 72, nimekisia kwa kufuata mstari wako. Ukizichanganya zote saba unapata wastani wa asilimia 63. Yaani wiki ya jana, hata ikiwa ya kawaida kabisa, leo ingeonyesha sehemu 63 tu kati ya 100. Gawanya ulichokiona kwa hiyo:

```
=12/0.63
```

Unapata 19. Fanya hivyohivyo wiki ya nyuma yake, ambayo kliki zake zina siku 8 hadi 14: imefika kama asilimia 83, na 16 ukiigawanya kwa 0.83 ni 19 na kitu. Ya nyuma zaidi imefika kama 92, 18 inakuwa karibu 20. Ile ya 20 imebakiza ombi moja au haijabakiza kitu. Ngazi yako imelala chini ikawa sakafu. Gharama ya ombi wiki ya jana ikishaiva inategemewa kuwa dola 22, si 35.

Lakini usiende kwa bosi ukamwambia "wiki iliyopita ni 19". Hiyo ni kisio, na limesimama juu ya maombi 12. Kwa idadi ndogo namna hiyo, wiki mbili zilizo sawa kabisa zinaweza kukuonyesha 9 na 15 kwa bahati tu. Mwambie hivi: wiki ya kawaida katika umri huu huonyesha kama 12 au 13, na hii imeonyesha 12.

FundiTovuti_Mza
Jumatatu, saa 7:02 mchana

Niongeze tahadhari kwa sababu maneno haya yaliniponza.

Mwaka jana nilikuwa na mteja wa pampu za maji. Konvesheni zikaanza kupungua, nikamwambia kwa kujiamini "subiri, ni ucheleweshaji". Siku 16 nimemweka hivyo. Kumbe kuna mtu alisasisha programu ya fomu kwenye tovuti, na ule ukurasa wa "asante" ukaacha kufunguka. Fomu zinakuja kwenye barua pepe lakini Google haoni hata moja isipokuwa za simu. Kuharibika kwa kipimo kunafanana na ucheleweshaji kama mapacha ukitazama jumla peke yake. Sasa tunavitofautishaje?

MamaKliki
Jumatatu, saa 7:20 mchana

Swali la maana kuliko yote kwenye uzi huu.

Ucheleweshaji unawaficha wale wa polepole. Hauwezi kuwaficha wa palepale, kwa sababu wao wameshaingia. Kwa hiyo kaa kando na jumla, hesabu wale wa chini ya siku moja wiki kwa wiki. Huo ni mzigo ulioiva tayari, unaweza kuulinganisha wiki hii na wiki ya Februari bila kuonea mtu. Kwa Kijana kawaida ni 117 kwa wiki 13, yaani 9 kwa wiki. Wiki hii ukikuta 8 au 10, kipimo kinafanya kazi na watu wanajaza. Ukikuta 2, hakuna cha kusubiri. Fungua fomu ujaze mwenyewe uone kinachotokea.

Pampu zako zingeonekana siku ya tatu kwa kipimo hicho, Fundi.

Kijana, zile 36 zako zimegawanyikaje kwa wiki nne?

KijanaWaMeru
Jumatatu, saa 7:31 mchana

9, 9, 10, na wiki ya jana 8. Na nimejaza fomu mwenyewe kwa simu na kwa kompyuta, ukurasa wa asante unafunguka.

MamaKliki
Jumatatu, saa 7:36 mchana

8, na baadhi ya kliki za jana jioni hazijatimiza hata saa 24. Rudi kwenye kazi nyingine.

NyotaYaPwani
Jumatatu, saa 8:15 mchana

Bado nasubiri nusu yangu iliyobaki. Safu niliyomwelekeza imemwonyesha 19, 21, 20, 20 ndani ya dakika ishirini, nyinyi mmepiga hesabu tangu asubuhi mkafika palepale.

MamaKliki
Jumatatu, saa 9:05 alasiri

Haha, umenishika. Leo safu yako imesema kweli, na nakubali kwamba kwa kulinganisha na kitabu cha oda ndiyo inayofaa. Imesema kweli kwa sababu moja: bajeti ya Kijana haijaguswa toka Januari. Hela inayotoka wiki hii ni sawa na iliyotoka mwezi uliopita, kwa hiyo haijalishi ombi la leo limetokana na hela ya lini.

Sasa tuseme Kijana anamtii bosi na kukata nusu. Wiki ijayo anatumia dola 210. Kliki mpya ni nusu, kwa hiyo zitaleta maombi 10 zikiiva, na ndani ya wiki hiyo zitakuwa zimeleta 6. Lakini wale waliobofya wiki zilizopita kwa hela ya zamani bado wanaingia mmoja mmoja, na wao ni kama 7. Jumla kwenye safu yako ni 13 au 14. Gawanya dola 210 kwa 14: dola 15 kwa ombi! Bosi atapiga meza, "si niliwaambia?" Wiki ya tatu na ya nne wale wa zamani watakuwa wamekwisha, maombi yatakuwa 10 kwa wiki, bei imerudi dola 21 ileile, na hakuna atakayekumbuka ilikotoka ile 15. Ukipandisha bajeti inakuwa kinyume chake, wiki ya kwanza unaonekana umechoma hela bure, mtu anaogopa anashusha.

Kwa hiyo safu ya `Conversions` inasingizia siku za karibuni kila siku, na hiyo ya `by conv. time` inasema uongo pale unapobadilisha kitu, ambapo ndipo unapoihitaji.

NyotaYaPwani
Jumatatu, saa 9:20 alasiri

Hapo kwenye kukata nimekuelewa. Mwezi wa kumi na moja tulikata kwa hoteli moja, wiki mbili tukapongezwa mpaka chakula cha jioni. Nitaishia hapo.

Mashine_na_Sola
Jumatatu, saa 1:10 usiku

Naomba nipenyeze ya kwangu, inafanana lakini ina vituko. Tunauza mashine za kusaga na sola. Mteja anabofya, anapiga WhatsApp, analipa amana wiki ya tatu au ya nne. Tunahifadhi namba ya kliki ya Google, na kila mwisho wa mwezi mhasibu ananipa orodha ya waliolipa, naipakia yote kwa mkupuo. Mwezi mzima ripoti inaonyesha sifuri tupu, tarehe 30 zinamwagika zote na kutawanyika kwenye siku za nyuma. Bei za kliki tumemwachia Google azipange mwenyewe. Je, siku zile za sifuri hafikirii kwamba matangazo hayauzi?

MamaKliki
Jumatatu, saa 1:45 usiku

Wewe una ucheleweshaji wa aina mbili uliobebana. Mmoja ni wa mteja kufikiri, huo huwezi kuuondoa. Wa pili ni wa mhasibu wako, na huo ni wa kujitakia. Pakia kila siku, au angalau kila Ijumaa, hata kama ni watu wawili. Angalia pia muda: kliki yenye zaidi ya siku 90 Google haipokei tena, na kama konvesheni yako imebaki kwenye siku 30, aliyelipa siku ya 35 hatahesabiwa kamwe. Pandisha hadi 90 leo, maana mabadiliko hayo hayarudi nyuma kufufua waliopotea.

Kuhusu kupanga bei, Google wenyewe wanasema mfumo wao unazingatia ucheleweshaji. Naamini hivyo pale unapokuwa na mwendo unaofanana siku hadi siku. Sifuri siku 29 halafu mafuriko siku moja, sina imani nao.

FundiTovuti_Mza
Jumatatu, saa 2:03 usiku

Hapo mimi nitapingana nawe dada. Nina akaunti inayopakiwa mara moja kwa mwezi na bei hazijayumba hata kidogo. Mfumo umeshajifunza kwamba zinakuja mwisho wa mwezi.

MamaKliki
Jumatatu, saa 2:11 usiku

Au haujafunzwa chochote na unaendelea na bei za zamani. Kwa nje huwezi kutofautisha. Tuache hapo.

KijanaWaMeru
Jumatatu, saa 3:30 usiku

Marejesho: nimeongea na bosi. Nilimpa hesabu zote akasema "hizo ni lugha za mitandaoni". Tumekubaliana hivi: bajeti haiguswi wiki tatu, maneno mapya yabaki, ila kila Jumatatu saa tatu niipige picha ripoti na kuibandika kwenye daftari, asije akadai kwamba nabadilisha namba.

MamaKliki
Jumatatu, saa 3:42 usiku

Bosi wako amekupa zawadi bila kujua. Ripoti ya Google haikumbuki jana ilisema nini, ukiifungua unaona hali ya leo tu. Hizo picha zikifika nane utaacha kukisia kwa asilimia. Utafungua daftari uone wiki mpya zilionyesha ngapi Jumatatu yao ya kwanza, ulinganishe mtoto wa wiki na mtoto wa wiki. Ila iwe saa ileile. Ukipiga moja asubuhi na nyingine jioni umeongeza nusu siku kwa wale wa palepale, na wao ndio wengi.

DukaLaMitandio
Jumatatu, saa 3:50 usiku

Daftari la kubandika picha, mwaka huu. Nimecheka.

KijanaWaMeru
Jumatatu, wiki tatu baadaye, saa 3:35 asubuhi

Nimerudi kama nilivyoahidi. Ile wiki iliyokuwa na 12: Jumatatu iliyofuata ilisoma 15, iliyofuata 17, leo bado 17. Ombi moja dola 24 na senti, si 35. Dada ulikisia 19, naona imekwama hapo.

Wiki mpya tatu, kila moja Jumatatu yake ya kwanza: 13, 11, 13.

Bosi sasa ana hoja nyingine. Anasema 17 ni chini ya 20, kwa hiyo maneno mapya ni mabaya kidogo, na mimi sina cha kumjibu.

MamaKliki
Jumatatu, saa 4:20 asubuhi

Bado ina siku chache kabla ya kufunga 30, linaweza kuingia moja. Kuhusu 17 na 20, hata mimi sina cha kumjibu. Tofauti ya maombi matatu kwa wiki moja haiwezi kubeba hukumu ya upande wowote. Mkitaka kujua, wekeni maneno ya zamani na mapya yashindane kwa wakati mmoja, kliki zake zizeeke pamoja, mhesabu mwezi wa saba.

Kitu kingine kinanisumbua kwenye asilimia zako. Ulizipima Januari hadi Machi. Mtu anayebofya sasa mwezi wa sita akitaka kuwahi nyumbu wakivuka Mto Mara mwezi wa nane hana muda wa kufikiri wiki tatu, na anayetaka Kilimanjaro ya Januari ijayo ana muda wote duniani. Sijui wamechanganyika vipi kwako.

NyotaYaPwani
Jumatatu, saa 4:41 asubuhi

Huku hotelini Juni wanaamua haraka kuliko Februari, ila wageni wangu wengi ni wa Nairobi, wanapanda treni tu wanafika. Kwenu sijui.

KijanaWaMeru
Jumatatu, saa 4:55 asubuhi

Nitazipima upya kliki za Juni zikishapita siku 30, yaani mwisho wa Julai. Nitaleta hapahapa.